Nimepewa mada ya sumukuvu: nusu naijua, nusu naelea

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa ugani wa kata wilayani Kongwa, mwaka wa pili kazini. Bosi ameniambia nikatoe mada ya "Sumukuvu", ile sumu ya fangasi wa nafaka, kwa wanachama wa chama cha ushirika, wakulima na wafanyabiashara wa mahindi, watu kama 60. Nimepewa dakika 45, na zimebaki siku kumi. Kukausha na kuhifadhi nayamudu. Lakini vipimo, hizo ppb, aina za sumu, mambo ya ini, masharti ya kuvusha mpaka, hapo naelea. Nimepakua mafaili chungu nzima, siku tatu nasoma kemia ya sumu yenyewe, nimeshatengeneza slaidi 38, na bado nikijiuliza nitasema nini sipati jibu. Nianze kusoma wapi, na niache nini? Sitaki kuumbuka.*

*Afisa ugani, Kongwa*

Marahaba, mwanangu. Hizo slaidi zifunge kwanza. Naweka dau kwamba hujauliza hata kama ghala la ushirika lina umeme wa projekta.

Nikusimulie aibu yangu, uone unakoelekea. Nilipokuwa kijana kama wewe nilipewa mada hiihii, nikajifungia na vitabu. Siku ya siku nikaanza na bata mzinga zaidi ya laki moja waliokufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga zilizotoka Brazil, maana ndivyo sumu hii ilivyogunduliwa. Nikaeleza aina nne, B1, B2, G1 na G2, na kwamba herufi hizo zinatokana na majina ya Kiingereza ya rangi ya buluu na ya kijani ambazo sumu hung'aa nazo chini ya taa maalumu. Nikachora na umbo la molekuli ubaoni. Watu wakatulia kimya, nikadhani wamekolea. Kisha mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwanangu, yale mahindi yenye ukungu nikiyapika ugali ukaiva sawasawa, sumu si inakufa?" Nilisita. Nikasema nadhani inapungua. Hilo "nadhani" ndilo walilobeba kwenda nalo nyumbani, na lilikuwa kosa, kwa sababu joto la sufuria haliiui sumu hii.

Kwa hiyo kazi ya leo si kusoma. Kazi ya leo ni kumpigia simu katibu wa ushirika na kumuuliza jambo moja: kitu gani kimetokea hadi mkaitaka mada hii? Watu hawaamki tu asubuhi wakataka kusikia habari za sumukuvu. Pengine kuna lori limerudishwa. Pengine mnunuzi amedai cheti. Pengine kuna wanaokumbuka mwaka 2016, ugonjwa ulipozuka mikoa ya Dodoma na Manyara na watu wapatao 20 wakafariki kwa mahindi waliyokula nyumbani. Kila jibu kati ya haya linazaa mada tofauti. Kama ni msiba wa 2016 unaowasumbua, unazungumzia chakula cha kaya na stoo ya nyumbani. Kama ni lori, unazungumzia ghala, sampuli na cheti. Neno ni lilelile, mada ni mbili, na dakika 45 zinatosha moja tu.

Sijui katibu atakujibu nini. Ila kwa ushirika wenye wafanyabiashara ndani yake, huko kwenu karibu na soko la Kibaigwa, mimi nadhani ni lori. Wengi wao hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba mzigo hauzidi 10 ppb. Tuchukulie ni lori, tuifanye kazi yote pamoja. Ukikuta ni jingine, njia ni ileile.

Sasa andika sentensi moja kwenye karatasi: akitoka hapa, mtu huyu atafanya nini ambacho jana hakufanya? Si "ataelewa sumukuvu". Hiyo haina mkono wala mguu. Ningekuwa mimi ningeandika hivi: hatapakia mzigo mpaka ajue sampuli iliyopimwa ilitoka magunia mangapi na ilichukuliwaje. Sentensi hiyo ndiyo ukuta wa mada yako. Kilicho ndani utakisoma, kilicho nje utakitaja kwa mdomo mmoja na kupita.

Angalia ukuta huo unavyokata. Aflasafe, ile dawa ya kurusha shambani ili fangasi wasio na sumu wawahi nafasi ya wale wenye sumu, hurushwa wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua. Wewe unazungumza na watu ambao mahindi yao yapo kwenye magunia. Ni habari njema iliyochelewa. Itaje, sema utairudia kabla ya msimu, endelea. Aina nne za sumu? Cheti kinataja namba mbili tu za kujali: jumla ya zote, isiyozidi 10, na B1 peke yake, isiyozidi 5. Hicho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi, na kemia yako inaishia hapo. Ini linaharibikaje? Sentensi moja: kwa wingi huua kwa siku chache, na kidogokidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Siku tatu ulizotumia kwenye kemia si hasara kubwa, lakini siku ya nne itakuwa.

Ukishajenga ukuta, kaa chini ujisikilize. Washa kinasa sauti cha simu, weka karatasi pembeni, eleza mada hiyo dakika kumi kana kwamba unamwambia shemeji yako. Halafu rudia kusikiliza. Kila mahali uliposema "kwa ujumla", "inasemekana" au "kitaalamu", kila mahali ulipoanza sentensi ukaimalizia nyingine, weka alama. Hayo ndiyo mashimo yako halisi. Mtu akiulizwa asichojua hutaja maneno magumu, lakini shimo la hatari huwa kwenye neno jepesi ambalo hukuwahi kulitilia shaka. Kwako, kwa barua hii, nadhani ni neno "kupima".

Mashimo utakayoyapata ni mengi kuliko siku zako, basi yachambue kwa swali hili: nikikosea hapa, nani ataumia? Ukikosea mwaka wa bata mzinga, haumii mtu. Ukikosea kwenye sampuli, mtu atapoteza lori zima. Ukikosea kuhusu kupika, mtu atalisha wanawe sumu. Kwa hiyo sampuli kwanza, jikoni pili, tarakimu za kiwango tatu kwa sababu ni mbili tu na utazishika kwa jioni moja.

Tuanze hilo la kwanza, maana ndilo litakalokubeba. Anza na ppb, lakini usiisome kama fomula. Ni sehemu moja katika sehemu bilioni, yaani mikrogramu moja ndani ya kilo. Chukua kidonge cha parasetamo cha miligramu 500. Dawa yake ukiichanganya kwenye tani 50 za mahindi, magunia 500 ya kilo mia, umepata 10 ppb kamili. Ukiielewa hivyo, huwezi tena kumwambia mtu "yaangalie vizuri utaona". Ukungu wa kijani-njano ni dalili ya kuogopa, lakini mahindi meupe yanayong'aa nayo yanaweza kuwa na sumu, na jicho haliwezi kuona kidonge kimoja kwenye magunia mia tano.

Kisha lisome jambo ambalo watu wenye elimu nusunusu hulikosa: sumu haijatandazwa sawasawa kwenye mzigo kama chumvi kwenye mchuzi. Imekaa kwenye punje chache, zile zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizokaa na unyevu, na punje hizo zinaweza kuwa na kiwango cha kutisha huku jirani zake hazina kitu. Fanya hesabu hii kwa kalamu, usinukuu tu. Punje ya mahindi ina uzito wa gramu 0.3 hivi. Tuseme moja imeoza hadi 100,000 ppb, kiwango ambacho punje moja moja huweza kukifikia na hata kukipita. Punje hiyo imebeba mikrogramu 30 za sumu. Chukua debe la kilo 18, ambalo lina punje kama elfu sitini, utie punje sita za namna hiyo. Sita mara thelathini ni 180, gawa kwa kilo 18: 10 ppb. Debe lako limekaa juu ya mstari kabisa.

Sasa chota kikombe cha gramu 200 upeleke kupimwa. Kama kikombe hakikubeba punje hata moja kati ya zile sita, na mara nyingi hakitabeba, majibu ni sifuri. Kama kimebeba moja, majibu ni 150 ppb. Debe ni moja, siku ni moja, mpimaji ni mmoja. Mwenye sifuri ataapa mzigo ni safi, mwenye 150 ataambiwa autupe, na wote wawili wamekosea. Hapo ndipo utakapomjibu yule mfanyabiashara atakayesimama na kusema, kwa hasira, kwamba mzigo wake ulipimwa huku ukapita na kule mpakani ukakataliwa kwa hiyo vipimo vyote ni utapeli. Atasimama tu, nakuhakikishia. Usipokuwa na jibu hilo, slaidi 38 hazitakusaidia.

Kutoka hapo dawa yake inajieleza. Mzigo hauchotwi juu ya gunia moja la karibu na mlango. Unachomwa bambo kwenye magunia mengi, ya pembeni na ya katikati ya rundo, juu, kati na chini ya kila gunia, na kila unachokitoa kinaingia chombo kimoja hadi zifike kilo kadhaa. Kisha sampuli yote inasagwa, yote, na unga unachanganywa vizuri kabla ya kutoa kidogo cha kupima. Kusaga ndiko kunakozigawa zile punje chache kila mahali. Anayechota konzi moja kutoka kwenye sampuli kubwa ndipo asage, amerudi kulekule kwenye kikombe. Na hata ukifanya yote haya, tofauti kati ya kipimo na kipimo inapungua, haiishi. Waambie hivyo, bila kuficha. Mzigo uliopimwa 9 usishangae kusomeka 12 kwingine. Anayetaka kulala usingizi apeleke mzigo ulio chini sana ya kumi.

Hili usilisome kwenye mafaili peke yake. Tenga asubuhi moja uende ghala lolote linalopokea mahindi, uombe kusimama pembeni wakati wanachoma bambo. Hesabu magunia mangapi yamechomwa kati ya mangapi. Shika bambo mwenyewe. Mtu aliyewahi kulishika huzungumza tofauti na aliyeliona kwenye picha, na wale wafanyabiashara watakujua kwa sentensi ya pili.

La jikoni litakuchukua jioni moja. Kupika hakuondoi, hilo umeshalipata. Kuchambua kunasaidia kweli: kutoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, kwa sababu ileile ya hesabu ya debe. Kukoboa nako kunapunguza, kwani sehemu kubwa ya sumu imekaa kwenye ganda na kiini. Lakini fuatilia pumba zinakwenda wapi. Zikienda kwa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu inarudi kwenye kikombe cha mtoto kwa sura nyingine iitwayo M1. Mkulima akikuuliza hilo la pumba na ukawa nalo, amekuamini hadi mwisho wa kikao.

Nirudi kidogo kwenye kile ulichosema unakimudu, maana mimi humwogopa zaidi mtu pale anapojiamini. Utafundisha kipimo cha chumvi, sivyo? Chupa kavu, mahindi kidogo, chumvi kavu, tikisa, subiri dakika kumi au kumi na tano, chumvi ikigandia kwenye kioo mahindi ni mabichi. Sawa. Lakini chumvi hugandia unyevu ukiwa juu ya asilimia 15 hivi, na kiwango cha mahindi ya kuhifadhi ni 13.5. Chumvi isipogandia hujathibitisha kwamba ni makavu ya kutosha; umethibitisha tu kwamba si mabichi sana. Kati ya 13.5 na 15 kuna nafasi ambayo chupa haioni, na humo ndimo mtu anapofunga mahindi akijua amepima. Wafundishe chupa kwa kukataa, na mashine ya kupimia unyevu kwa kukubali. Kama ulikuwa hulijui hili, basi na hicho unachokimudu kipitie upya kwa kile kinasa sauti.

Utajuaje kwamba kusoma kumeanza kukupoteza? Mimi hutumia saa. Nikisoma saa nzima na sikupata hata sentensi moja ya kumwambia mtu mwenye gunia mkononi, nafunga faili hilo, hata liwe tamu namna gani. Na siku ya saba naacha kabisa kuongeza jipya. Siku ya nane mkalishe mkulima mmoja na dalali mmoja kwenye chai, waeleze dakika kumi, kisha mwombe dalali amweleze mkulima ulichosema. Atakapopindisha ndipo ulipoeleza vibaya. Usimsahihishe yeye, rekebisha maelezo yako.

Siku yenyewe, dakika mbili za mwanzo zitumie kuuonyesha ukuta. Sema wazi: leo tunazungumzia mahindi yaliyo kwenye gunia, kuanzia ghalani hadi kwenye cheti, habari za shambani tutazirudia kabla ya msimu, mambo ya cheti na usajili yenyewe ni ya Shirika la Viwango, na nimekuja na namba ya ofisi yao. Namba hiyo uwe nayo kweli. Mtu akiuliza la nje ya ukuta baada ya hapo, hukumkwepa, ulishamwambia. Zungumza nusu saa, dakika kumi na tano zao.

Na badala ya slaidi, nenda na debe. Paka punje sita rangi ya kucha nyekundu, zichanganye humo mbele yao, kisha mwite kila mtu achote kikombe kimoja, atazame, arudishe, akoroge. Katika watu ishirini pengine mmoja ataibuka na punje nyekundu, pengine wawili, pengine hakuna. Waulize wale ambao hawakupata: mzigo wenu ni safi? Kisha nyamaza, waache wabishane wenyewe. Muda utakwisha wakiwa bado wanabishana, na ubishi huo ndio utakaofika mnadani kesho yake.

Mkimaliza, zitafute zile sita zote kabla debe halijarudi stoo. Chukua na vijana wa kukusaidia, maana peke yako utakesha.